Bodaboda na kodi ya mapato: kutoa gharama za mafuta, matengenezo na leseni, na kukadiria malipo ya awamu

Dereva wa bodaboda anayejilipia kodi mwenyewe hana mwajiri wa kumkata kila mwezi, na kwa hiyo hana budi kufanya kazi mbili ambazo wengi huzitenganisha bila sababu. Ya kwanza ni kuonyesha gharama zilizomwezesha kupata mapato yake, na ya pili ni kukadiria mapema kodi ya mwaka ili ailipe kidogo kidogo kabla mwaka haujaisha. Mwongozo huu unazishughulikia pamoja, kwa sababu makadirio mengi yanayoharibika huwa yameharibikia kwenye gharama: zimerekodiwa vibaya, au zimezidishwa mahali ambapo hazikupaswa kuzidishwa.

Kwanza, fahamu unatozwa kodi ya aina gani

Kabla ya kukusanya hata risiti moja, uliza mamlaka ya kodi kama umeandikishwa kulipa kodi ya faida au kodi ya mauzo ghafi. Nchi nyingi huwawekea wafanyabiashara wadogo utaratibu mwepesi ambao hutoza asilimia ndogo ya fedha zote zilizoingia, au kiasi maalumu kwa kila chombo, bila kujali kilichotumika. Aliye katika utaratibu huo hawezi kutoa mafuta wala matengenezo, hata akiwa na gunia zima la risiti. Gharama hupunguza kodi ya yule tu anayetozwa kwa faida, yaani mapato yakishatolewa matumizi.

Sheria nyingi humruhusu dereva kuchagua kuhama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine kwa kutoa taarifa rasmi, na uchaguzi huo hustahili kupigiwa hesabu. Pikipiki mpya inayokula oili na cheni pekee inaweza kumfaa mtu aliye kwenye mauzo ghafi, ilhali pikipiki kuukuu inayolala gereji kila mwezi humwachia mwenyewe faida ndogo, na huyo huumizwa na kodi isiyotazama gharama. Mfano utakaofuata utatuwezesha kupima jambo hili kwa tarakimu. Maelezo yaliyobaki yanamhusu anayetozwa kwa faida.

Mafuta: risiti peke yake haitoshi

Mafuta ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ndiyo inayotiliwa shaka zaidi, kwa kuwa tangi ni moja na safari ni za namna mbili. Petroli iliyombeba abiria au mzigo wa mteja ni gharama ya biashara. Petroli iliyokupeleka harusini, au iliyompeleka mtoto shule, ni matumizi yako binafsi. Safari ya kutoka nyumbani hadi kijiweni nayo mamlaka nyingi huiona kuwa ya binafsi, isipokuwa pale unapomchukua abiria njiani.

Njia ya kugawanya ni odometa. Andika usomaji wake siku ya kwanza ya mwaka, kisha mwisho wa kila mwezi. Usijisumbue kuandika kila safari ya abiria, kwa maana hutaiweza kazi hiyo hata wiki moja. Andika zile za binafsi, ambazo ni chache: tarehe, ulikokwenda na kilomita. Ukizitoa katika jumla ya kilomita, zilizobaki ni za kazi, na uwiano wake ndio utakaoutumia kwa mafuta na kwa gharama nyingine zote zinazohusu pikipiki nzima.

Kwenye kila risiti ya mafuta hakikisha kuna tarehe, lita na kiasi, halafu uandike namba ya pikipiki kwa kalamu ikiwa haikuchapwa. Risiti nyingi za vituo vya mafuta huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na ukiiweka mfukoni au chini ya kiti cha pikipiki itakuwa nyeupe kabla mwaka haujaisha. Ipige picha siku hiyohiyo.

Lita zilizoandikwa ndizo zinazokulinda mkaguzi anapouliza maswali. Pikipiki ya cc 125 hadi 150 mjini kwa kawaida hutembea kilomita 35 hadi 45 kwa lita. Ikiwa odometa inasema umetembea kilomita 10,000 na risiti zinaonyesha lita 250, hiyo ni kilomita 40 kwa lita, na hesabu inaaminika. Risiti zikionyesha lita 400 kwa umbali huohuo, basi kuna mafuta ya chombo kingine yaliyoingia humo, au kabureta ina tatizo, na ni heri ulijue wewe kabla ya mtu mwingine. Odometa ikiwa imekufa, kama zilivyo nyingi, itengeneze. Gharama ya waya wake ni ndogo, na bila usomaji huo asilimia yoyote utakayoitaja itabaki kuwa maneno matupu.

Matengenezo: kilichorudisha na kilichoongeza

Kanuni inayotumika katika sheria nyingi za kodi ni kwamba kazi inayoirudisha pikipiki katika hali iliyokuwa nayo ni matengenezo, na hutolewa yote katika mwaka ilipofanyika, ilhali kazi inayoipa pikipiki kitu ambacho haikuwa nacho ni mtaji, na gharama yake husambazwa kwa miaka kadhaa kama uchakavu. Oili, plagi, tairi na tyubu, cheni na sproketi, brekshu, waya wa klachi na balbu ni matengenezo yasiyo na ubishi. Kuchonga silinda na kuweka pistoni na ringi mpya pia ni matengenezo, hata kama bei yake inatisha, kwa kuwa injini imerudi tu mahali ilipokuwa. Kuweka injini kubwa zaidi, au kuigeuza pikipiki ya petroli kuwa ya umeme, ni mtaji.

Lipo eneo ambapo madereva wengi hujikuta wamekosea bila kujua. Mtu hununua pikipiki mkweche kwa bei ya chini kwa sababu haiwaki, akaitengeneza, ndipo akaanza kazi. Matengenezo yale ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya kununulia, kwa sababu muuzaji aliipunguza bei kwa ajili ya ubovu uleule. Yataingia kwenye uchakavu pamoja na bei yenyewe. Ikishaanza kubeba abiria, matengenezo ya kawaida huanza kutolewa kama gharama ya mwaka.

Bei ya pikipiki yenyewe haitolewi mara moja, na malipo ya mkopo wa kuinunulia hayatolewi yote. Sehemu inayorudisha deni si gharama. Riba ndiyo gharama, na pikipiki huingia katika hesabu kupitia uchakavu. Kwa hiyo mkopeshaji akikupa ratiba ya malipo, mwombe ile inayotenganisha riba na deni la msingi. Anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine hana uchakavu wa kudai, lakini hesabu anayompelekea tajiri kila siku au kila wiki ni gharama yake halali, mradi ameiandika na tajiri amekiri kuipokea.

Shida kubwa ya matengenezo ni ushahidi, kwa kuwa fundi wa kando ya barabara hana kitabu cha risiti. Dawa yake ni kutenganisha spea na ufundi. Spea zinunue mwenyewe katika duka linalotoa risiti, na fundi umlipe ujira tu, ikiwezekana kwa simu ili malipo yaache kumbukumbu. Kisha katika daftari lako andika tarehe, namba ya pikipiki, usomaji wa odometa, kazi iliyofanyika na kiasi, naye aweke sahihi na namba yake ya simu. Hata hivyo, uliza sheria ya mahali ulipo inataka risiti ya namna gani. Nchini Kenya, kwa mfano, tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya kodi kwa kawaida haikubaliki, na daftari lililopangwa vizuri kiasi gani haliwezi kuchukua nafasi yake.

Leseni, vibali na bima

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Kuhuisha leseni ya udereva kwa ajili ya kazi, kibali cha kubeba abiria, ada ya kijiwe na ada ya chama cha madereva ni gharama za biashara kwa ukamilifu, wala hazigawanywi kwa uwiano wa kilomita, kwani usingezilipa kama husafirishi abiria. Bima inayoihusu pikipiki wakati wote igawanye. Mafunzo ya udereva na leseni ya kwanza kabisa, uliyoipata kabla hujaanza biashara, katika nchi nyingi hayakubaliki kama gharama ya mwaka. Faini za barabarani hazitolewi kamwe, na fedha uliyompa mtu ili usiandikiwe faini hiyo haitolewi pia, hata kama uliiandika katika daftari kwa uaminifu.

Mfano: makadirio ya mwisho wa mwezi wa tatu

Tuchukue dereva mmoja mwenye pikipiki yake mwenyewe, ambaye mwaka wake wa kodi unaanza Januari. Tarakimu zote ni za mfano na hazina jina la fedha, na viwango vya kodi vilivyotumika ni vya kufanyia hesabu tu; weka vya kwako mahali pake.

Kwa miezi mitatu ameingiza 90,000, yaani 1,200 kwa siku katika siku 75 za kazi, taslimu na malipo ya simu yakiwa yamejumlishwa. Fedha alizotumiwa na ndugu yake kwa simu si mapato na amezitenga. Odometa imetoka 18,400 hadi 28,400, na daftari linaonyesha kilomita 1,000 za safari binafsi. Kilomita za kazi ni 9,000 kati ya 10,000, sawa na asilimia 90.

Mafuta aliyonunua ni 30,000, hivyo anatoa 27,000. Matengenezo ni 8,000: oili mara tano, cheni na sproketi, tairi la nyuma na brekshu, anatoa 7,200. Leseni na vibali vya mwaka mzima alivilipa Januari kwa 3,400, na bima ya mwaka kwa 4,000 ambayo sehemu yake ya kazi ni 3,600. Jumla ya fungu hili ni 7,000. Pikipiki aliinunua Januari kwa 120,000, na kwa kiwango cha mfano cha asilimia 25 uchakavu wa mwaka ni 30,000, ambao sehemu yake ya kazi ni 27,000.

Sasa anataka kujua mwaka utaishaje. Jambo linalomjia mtu haraka ni kujumlisha kila kitu cha miezi mitatu na kuzidisha kwa nne, na hilo ndilo kosa lenyewe. Mapato, mafuta na matengenezo ya kawaida yatajirudia kila robo ya mwaka, kwa hiyo huzidishwa. Leseni, bima na uchakavu ni vya mwaka mzima na vimeshahesabiwa vyote. Vikizidishwa, dereva atakuwa amejilipia leseni nne kwenye karatasi.

Hesabu sahihi inakwenda hivi:

- Mapato: 90,000 × 4 = 360,000
- Mafuta: 27,000 × 4 = 108,000
- Matengenezo: 7,200 × 4 = 28,800
- Leseni, vibali na bima, mara moja: 7,000
- Uchakavu, mara moja: 27,000
- Faida: 360,000 − 170,800 = 189,200

Tuseme 100,000 za kwanza hazitozwi na zinazozidi hutozwa asilimia 10. Kiasi cha kutozwa ni 89,200 na kodi ya mwaka ni 8,920, ambayo ikigawanywa kwa awamu nne ni 2,230 kila moja. Kama angezidisha kila kitu kwa nne, leseni na bima zingekuwa 28,000, uchakavu 108,000, na faida ingeshuka hadi 87,200, chini ya kiwango kisichotozwa. Angehitimisha kwamba hadaiwi chochote, akakaa kimya mwaka mzima, na mwishoni akakutana na 8,920 pamoja na riba ya kuchelewa.

Kutokana na tarakimu hizi dereva anapata pia kiasi cha kutenga kila siku. Kodi ya 8,920 katika mapato ya 360,000 ni takriban asilimia mbili na nusu, kwa hiyo katika kila 1,200 anaweka kando 30. Naona heri fedha hiyo iende kwenye akaunti au laini ya simu isiyotumika kununulia mafuta, kwa kuwa ikibaki pamoja na nyingine tairi likipasuka ndiyo itakayoliwa kwanza.

Tarakimu hizi zinatujibu pia lile swali la mwanzo. Utaratibu wa mauzo ghafi wenye kiwango cha mfano cha asilimia 3 ungemtoza 10,800 kwa mapato yaleyale, wakati kodi ya faida ni 8,920. Tofauti ni 1,880, na kila mtu apime kama inalingana na kazi ya kutunza risiti mwaka mzima. Kwa huyu, jibu litabainika zaidi katika robo inayofuata.

Kurekebisha makadirio mambo yakibadilika

Aprili hadi Juni mvua zimenyesha, na injini imefunguliwa wiki mbili. Mapato ya robo hiyo ni 75,000, mafuta ya kazi 22,500, na matengenezo, yakiwemo pistoni, ringi na kuchonga silinda, ni 24,000, ambayo asilimia 90 yake ni 21,600.

Hapa kuna mtego wa pili, unaofanana na wa kwanza. Akichukua miezi sita na kuizidisha kwa mbili, atakuwa amedai kwamba injini itakufa tena kabla ya Desemba. Njia salama ni kuchukua kilichokwisha kutokea kama kilivyo, kisha kuikadiria nusu iliyobaki kwa kipimo cha robo ya kawaida. Nusu ya pili atakisia mapato ya 180,000, mafuta ya 54,000 na matengenezo ya 14,400.

Mwaka mzima sasa unasomeka: mapato 345,000, mafuta 103,500, matengenezo 43,200, leseni na bima 7,000, uchakavu 27,000. Gharama zote ni 180,700 na faida ni 164,300. Kiasi cha kutozwa kimeshuka hadi 64,300, na kodi ni 6,430. Amekwisha kulipa awamu ya kwanza ya 2,230, kwa hiyo zimebaki 4,200, yaani 1,400 kwa kila moja ya awamu tatu. Katika mauzo ghafi angelipa 10,350 bila injini yake kutazamwa hata kidogo.

Kurekebisha huku hakuna maana ya kupunguza tu awamu ndani ya kichwa chako. Pale ambapo sheria inataka makadirio yawasilishwe, wasilisha makadirio mapya kwanza, kwa fomu au kwa mtandao, kabla ya tarehe ya awamu inayofuata. Ukilipa pungufu huku makadirio ya zamani yakiendelea kusomeka kwenye mfumo, pengo huonekana kuwa deni. Makadirio hupanda pia: dereva aliyepata mkataba wa kusambaza vifurushi mwezi wa nane anapaswa kuyaongeza, kwa kuwa sheria nyingi hutoza riba au adhabu kwa aliyekadiria chini sana ya kodi halisi.

Tarehe za awamu, na njia ya kutumia kodi ya mwaka uliopita

Tarehe hutofautiana, na huandikwa ukutani kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtu anayefuata mwaka wa kalenda, Kenya huweka awamu tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, huku Tanzania ikiweka mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Angalia pia kama unahusika na awamu kabisa, kwa sababu baadhi ya sheria huwaachia wenye kodi ndogo walipe mara moja: nchini Kenya asiyetarajia kodi ya mwaka kuzidi shilingi 40,000 hatakiwi kulipa awamu.

Nchi nyingine hukuruhusu kutumia kodi ya mwaka uliopita badala ya kukisia wa sasa. Kenya huongeza asilimia 10 juu ya kodi hiyo, kisha jumla hugawanywa kwa nne. Njia hii inamfaa dereva ambaye mapato yake yanapanda, kwa sababu analipa kidogo sasa na kumalizia baadaye. Haimfai aliyeharibikiwa na chombo au aliyepunguza siku za kazi. Huyo afanye makadirio ya mwaka wa sasa kama tulivyofanya hapo juu.

Mwisho wa mwaka

Andika usomaji wa odometa siku ya mwisho na upige hesabu ya uwiano upya kwa mwaka mzima, kwa maana asilimia 90 ya robo ya kwanza inaweza kuwa imeshuka hadi 86 baada ya likizo na misiba. Uwiano huo wa mwaka ndio unaotumika kwenye ritani, na mafuta yote, matengenezo yote, bima na uchakavu hupitishwa humo kwa mara ya mwisho. Kisha toa awamu ulizolipa katika kodi iliyopatikana, ukiziandika moja moja kwa tarehe na namba ya malipo, kwa sababu awamu iliyolipwa kwa kipindi kisicho chake haionekani kwenye hesabu mpaka uombe ihamishwe. Ukiwa umelipa zaidi, ziada hiyo unaweza kuomba urejeshewe au iingizwe kwenye awamu za mwaka unaofuata. Ombi la pili kwa kawaida ndilo huchukua muda mfupi zaidi. Daftari, picha za risiti na ratiba ya mkopo zihifadhi kwa miaka isiyopungua mitano, hata kama pikipiki yenyewe umekwisha kuiuza.